Animesheni ya kulala kwenda ya wima: ndala ya bibi isipotee

*"Mbukwa kaka. Nina kikatuni cha 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde. Kuna shoti bibi yuko kushoto anarusha ndala, mbuzi yuko kulia anakula zabibu, mbuzi anainama, ndala inagonga ndoo zabibu zote chini. Nataka kupeleka TikTok na Shorts. Nikikata katikati naona ndala tu inapita, bibi simwoni mbuzi simwoni. Nikiweka ukungu juu na chini vinakuwa vidogo mno. Nifanyeje? Leya ninazo ila nina haraka."*

Mbukwa mdogo wangu. Shoti yako ndo ile ngumu kuliko zote, sababu tukio liko ncha mbili za fremu na katikati hakuna kitu. Dirisha la wima likichukua urefu wote wa 1080 linapata upana wa pikseli 608 hivi, yani chini kidogo ya theluthi moja ya picha yako, kwaiyo bibi na mbuzi hawawezi kukaa humo pamoja hata uhangaike vipi. Acha kutafuta sehemu nzuri ya kukata, haipo. Tafuta muda mzuri wa kuhama kutoka kwa bibi kwenda kwa mbuzi.

Wengi hapa wanakimbilia kuifuata ndala, dirisha linateleza nayo kutoka kushoto hadi kulia. Tufanye hesabu. Nachukulia ndala inatoka mkononi fremu ya 45 na inagonga ndoo fremu ya 57, maana yake iko hewani fremu 12, chini ya nusu sekunde. Ukishakuza picha kufika 1920 kwenda juu, safari ya dirisha ni pikseli 2160 hivi, kila fremu linaruka 180, yani moja ya sita ya skrini. Jicho halipati kitu hapo, bekigraundi inagonga gonga tu afu mtu anashtukia zabibu ziko chini hajui nani kafanya nini. Kuteleza kunafaa kitu kinapoenda taratibu, mtu anatembea au mkokoteni unapita. Kwa kitu cha kurushwa, kata.

Sasa kukata nako kuna mtego wake. Ukimwacha bibi fremu ya 47 ndala ikishatoka nje ya dirisha, ukaingia kwa mbuzi fremu ya 48, zinabaki fremu 9 tu kabla ya kishindo. Mtazamaji ndo kwanza anajiuliza huyu mbuzi katokea wapi, ndoo imeshapinduka. Dawa yake ni kurudisha muda nyuma. Bibi mwache hadi 47, ila mbuzi umuanzishe fremu ya 36. Fremu 12 zinajirudia lakini hakuna anayejua, sababu kwenye dirisha la mbuzi bibi hayupo, na ndala haijaingia bado, itaingia kama fremu ya 54. Kinachoonekana ni mbuzi anatafuna raha mustarehe fremu kumi na kitu, kichwa kinashuka, ndala hiyo, ndoo chini. Na kwa kweli kichekesho kinakolea kuliko mwanzo, maana sasa mtu anajua ndala inakuja na mbuzi hajui.

Ila angalia kitu kimoja kabla hujashangilia: kuna chochote kinachoonekana kwenye madirisha yote mawili afu kinatembea? Kuku anayekatiza, vumbi linalopita, wingu, au kamera yenyewe inasogea? Kama kipo kitaruka nyuma na watu watakiona. Nilishakwama hivyo kwa sababu ya kuku mmoja tu, ikabidi nizime leya yake shoti nzima.

Kwa kukata, kama bibi yuko moja ya tano ya upana kutoka kushoto na mbuzi amekaribia ukingo wa kulia, amri ni hizi:

```
ffmpeg -i shoti.mp4 -vf "scale=-2:1920,crop=1080:1920:140:0" -an bibi.mp4
ffmpeg -i shoti.mp4 -vf "scale=-2:1920,crop=1080:1920:2300:0" -an mbuzi.mp4
```

Hiyo 140 na 2300 ndo mahali dirisha linapoanzia kutoka kushoto, wewe badilisha kulingana na picha yako. Amri zinakata upana tu, muda utaukata mwenyewe ukiunganisha: bibi hadi fremu ya 47, mbuzi kuanzia 36. Nimekuza kwanza ndo nikakata, usigeuze, maana siku ukitaka dirisha liteleze polepole, ukikata kwanza afu ukakuza kila hatua nayo inakuzwa na picha inatetemeka. Na usitegemee mistari ibaki mikali, umevuta karibu mara 1.8. Kwa kuwa leya unazo, toa upya hiyo shoti kwa 3840 kwa 2160, hapo dirisha linakuwa na upana wa 1215 na picha inapunguzwa badala ya kuvutwa.

Sauti nimeiondoa makusudi. Picha imeongezeka fremu 12, karibu nusu sekunde, kwaiyo kishindo cha ndoo na vyote vinavyofuata visogeze fremu 12 mbele. Kama muziki na sauti viko kwenye faili moja huwezi kutenganisha, basi punguza fremu 12 pale mwanzo bibi anapoduwaa, kishindo kitarudi mahali pake chenyewe. Hiyo inafaa kama bibi haongei, akiongea mdomo utapishana na maneno.

Hiyo ndo njia ya haraka. Ila ungekuwa ofisini kwangu Ipagala ningekukalisha uipange shoti upya kwa leya, sababu animesheni inakupa kitu ambacho aliyeshuti kwa kamera hana: unaweza kumhamisha mbuzi. Fungua fremu mpya ya 1080 kwa 1920, bibi mweke chini kushoto, mkubwa, karibu na sisi. Mbuzi na ndoo yake wapandishe juu kulia, wapunguze hadi kama asilimia 60 ya ukubwa wao waonekane wako mbali. Ule umbali wa kushoto kwenda kulia umegeuka umbali wa karibu na mbali, na wote wanaonekana bila kukata. Njia ya ndala lazima uichore upya, ipande kwa upinde na ipungue ukubwa inavyokwenda, ila fremu zake 12 ziache zilezile. Na bibi aendelee kutazama kulia, ukimgeuza shoti inayofuata haitaungana.

Hapo utakutana na matatizo mawili. Bekigraundi yako ina urefu wa 1080 tu, usiivute ijae, ongeza udongo mwekundu chini na anga juu kwa kuchora, ni kazi ya saa moja. La pili ni miguu: washa leya ya bibi peke yake uone kama kachorwa hadi nyayoni, mara nyingi tunachora hadi mwisho wa fremu ya zamani na tunasahau.

Njia yoyote utakayochukua, ile ndoo isikae pembeni kabisa kulia wala chini sana, vitufe na maelezo ya apu vitaifunika. Mimi huacha pikseli 150 kulia na kama 380 chini bila kitu cha maana. Ukimaliza iweke kwenye simu, zima sauti, mpe mtu ambaye hajawahi kuiona aangalie mara moja tu afu muulize nani kamwaga zabibu. Akisema mbuzi, rudi uongeze fremu mbili tatu kwa bibi baada ya mkono kuachia ndala.