Unauzisha iniforme kwa simu? Badilisha maandishi mbele ya rantre

Nyie mnaoanza kuuzisha kwa WhatsApp na Facebook Marketplace hapa Bukavu, masomo yanafunguka mwanzo wa mwezi wa tisa, na kwangu wazazi huanza kuuliza katikati ya mwezi wa nane. Basi maandishi ya bidhaa ninabadilisha mwisho wa mwezi wa saba.

Mwaka wa kwanza nilileta mashati meupe ya watoto nikanakili tu vile ilikuwa kwa karto: "Boys formal shirt 140". Wiki mbili kimya kabisa, na dada mmoja wa Kadutu mwenye shati ileile anamaliza mzigo, nikaenda kuchungulia kwake nikakuta ameandika "Chemise blanche uniforme 10 ans". Kumbe! Sisi kwa mdomo tunasema shati, lakini mzazi akishika simu anaandika Kifaransa, vile iko kwa karatasi ya shule.

Haya maneno usiyabuni. Fungua WhatsApp, pale juu kwa kutafuta andika uniforme au jupe, mesaji za mwaka jana zinatoka zote (kama hukuzifuta), soma vile watu wenyewe waliuliza. Mimi ndiyo niliona karibu wote wanaandika "bleu marine", na mimi nilikuwa nimeweka "jupe bleue" tu, tena picha nimepigia ndani usiku, rangi inaonekana nzito. Mama mmoja alichukua mbili, kesho yake akazirudisha, jua lilipozipiga zikawa bulu ya mbingu, nikarudisha pesa na transport juu.

Ile 140 nayo ni santimeta, urefu wa mtoto, karibu miaka 10. Mzazi anatafuta kwa umri, lakini watoto wa miaka 10 hawalingani, kwa hiyo umri naweka kwa kichwa, santimeta ndani, na namwambia ampime mtoto kwanza. Kichwa kisiwe kirefu, simu inakikata, kitu na rangi vikae mbele. Leo yangu iko hivi:

```
Chemise blanche uniforme 10 ans
Shati nyeupe ya shule, mikono mifupi,
mtoto wa cm 140. Rentrée scolaire.
```

Kiswahili nimekiacha ndani juu wengine wanatafuta nacho.

Kwa katalogi ya WhatsApp Business, rekebisha bidhaa ileile, usifute na kuanza upya, ukifuta ile link uliyotumia watu haifungui tena. Na usibandike "rentrée" kwa kila kitu hadi sufuria, nilifanya hivyo, watu waliingia wakitafuta kaye wakanitukana. Mwezi wa kumi ukifika katikati natoa hilo neno, shati linabaki chemise blanche, maana kuna watoto wanachana nguo mwaka mzima.

Liputa za 8 Machi nafanya vilevile, "pagne 8 mars" inaingia kwa kichwa tangu mwisho wa Januari, juu fundi naye anataka siku zake za kushona.