Risiti ya pesa kutoka Saudia: ada iliyoandikwa na ile isiyoandikwa

*Assalamu alaikum. Binti yangu yuko Riyadh. Aliniambia zimemtoka riyali 1,017 na ushee, lakini kwenye simu yangu zimeingia shilingi 33,600. Redioni wanasema dola ni 129 na kitu. Naona pesa zimepunjwa, ni nani amezila? (Mama wa Likoni)*

Waalaikum salaam, mamangu. Picha ya risiti uliyonitumia nimeisoma mstari kwa mstari. Wa kwanza umeandikwa Amount: 1,000.00 SAR. Hiyo ndiyo pesa aliyokutumia. Chini yake kuna Fee: 15.00, ada ya kampuni, kisha VAT: 2.25, kodi ya serikali ya kule. Kodi hiyo ni asilimia 15 tangu Julai 2020, na hapa imetozwa juu ya ada peke yake, haikugusa zile elfu moja. Ukijumlisha unapata 1,017.25, ndizo zilizomtoka binti yako. Kwa hiyo riyali 17.25 zilibaki Riyadh, na hilo risiti imelisema wazi.

Sasa shuka hadi mstari wa Exchange Rate. Umeandikwa 1 SAR = 33.60 KES. Elfu moja mara 33.60 ni 33,600, na ndizo zilizoingia. Hesabu ya risiti haina kosa. Bado swali lako ni la haki, kwa sababu hiyo 33.60 yenyewe ina kitu ndani yake.

Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola tangu 1986: dola moja ni riyali 3.75, leo na kesho. Basi ukiijua bei ya dola umeijua na ya riyali, gawanya tu kwa 3.75. Usiitegemee redio, maana mara nyingi hutaja namba ya juujuu. Benki Kuu ya Kenya huweka bei kwenye tovuti yake kila siku ya kazi, na uichukue ile ya tarehe iliyo kwenye risiti. Tuseme siku hiyo dola ilikuwa 129.30. Gawanya kwa 3.75, unapata 34.48 kwa riyali moja. Kwa bei hiyo, riyali elfu moja zingekuwa shilingi 34,480. Wewe umepata 33,600. Pengo ni shilingi 880.

Hizo 880 ndizo ulizokuwa ukizitafuta, na hazina mstari wake kwenye risiti. Kampuni inanunua shilingi kwa bei yake, inampa binti yako kwa bei nyingine, na kinachobaki katikati ni faida yake. Kwa riyali ni kama 25 na nusu, kwa hivyo ada isiyoandikwa imeizidi ile iliyoandikwa. Ukiziweka pamoja, kutuma elfu moja kumemgharimu karibu riyali 43.

Siiti wizi, kwa sababu kiwango huonyeshwa kabla mtu hajathibitisha, na hakuna kampuni itakayokupa bei ya Benki Kuu kamili bila kubakisha chochote. Linaloniuma ni kwamba watoto wetu kule hulinganisha mstari wa Fee peke yake, wakaacha ule unaokula zaidi. Mwambie binti yako, kabla hajabonyeza, akupigie akusomee kiwango.

*Kaka yangu yuko Jeddah na anatumia huduma ya "bila ada". Anasema sisi wengine tunachezewa. Ni kweli? (Changamwe)*

Inategemea anatuma kiasi gani. Kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi: chukua shilingi zilizopokewa, gawanya kwa jumla ya riyali zilizotoka mfukoni, ada na kodi zikiwemo. Usigawanye kwa Amount, gawanya kwa Total.

Tuichukue ile risiti ya mama wa Likoni. 33,600 ukigawanya kwa 1,017.25 unapata 33.03. Yaani kila riyali iliyomtoka binti imefika ikiwa shilingi 33.03. Kwenye risiti uliyonitumia ya kaka yako, ada ni sufuri lakini kiwango ni 32.90. Hana cha kujumlisha, kwa hiyo kipimo chake ni hicho hicho 32.90. Kwa riyali elfu moja, huduma yenye ada imemshinda, ingawa kwa tofauti ndogo.

Lakini kaka yako hutuma riyali 200 kila wiki, na hapo mambo yanageuka. Ada ya 17.25 haipungui kwa sababu umetuma kidogo. Riyali 200 kwa kiwango cha 33.60 ni shilingi 6,720, ila zimemtoka riyali 217.25. Gawanya: unapata 30.93. Kwa kiasi hicho huduma yake ya 32.90 ni bora kwa mbali. Basi kaka yako hajakosea kwa pesa zake, kakosea kuwahukumu wanaotuma kwa mkupuo mmoja mwisho wa mwezi.

*Kwenye risiti ya mume wangu kiwango kimeandikwa 0.0298. Mbona ni kidogo hivi? (Kisauni)*

Wamekigeuza, dadangu. Hapo wanasema shilingi moja ni riyali ngapi. Kukirudisha, chukua 1 ugawanye kwa 0.0298, utapata kama 33.56.

Ila usianze kugombana na mtu kwa hesabu hiyo. Kiwango chenyewe kilikuwa 33.60, na ukikigeuza unapata 0.02976 na kuendelea. Risiti imekikata kikawa 0.0298, na kukata huko peke yake, kwa riyali elfu moja, kunafanya hesabu yako ipungue zaidi ya shilingi 40 kuliko zilizoingia. Ukipewa kiwango cha namna hii, tafuta kiwango chako mwenyewe: gawanya pesa iliyopokewa kwa Amount. Hapo hutadanganywa na desimali.

*Risiti inasema 33,600, na ujumbe wa simu pia 33,600. Lakini wakala wa hapa Mtwapa amenipa 33,400 na simu imebaki na shilingi 3. Wakala amenikata? (Mtwapa)*

Hapana, wakala usimlaumu. Umetoa 33,400, na M-Pesa imekata 197, ambayo ndiyo ada ya kutoa kwa wakala kiasi cha kuanzia 20,001 hadi 35,000. Jumlisha: 33,400 na 197 ni 33,597. Shilingi 3 zako ndizo hizo zilizobaki.

Risiti ya mtumaji huishia pesa zinapoingia kwenye simu yako, na gharama ya kuzitoa haimo. Ukiwa unalipa karo au duka kwa namba ya biashara, zilipe zikiwa humo humo kwenye simu, usizitoe kwanza.

*Zangu huja benki kwa benki. Mwanangu ametuma dola 500 na risiti yake inasema 500, mimi zimeingia 482. (Nyali)*

Hapo kiwango hakihusiki, kwa sababu dola zimeingia zikiwa dola. Mwambie mwanao atazame kwenye risiti yake herufi tatu zinazoandikwa karibu na neno Charges. Zikiwa OUR, gharama zote za njiani ni zake. SHA maana yake mmegawana: yeye amelipa benki yake, na benki za katikati pamoja na yako zimekata kwenye zile 500. BEN, zote zimekuangukia wewe.

Kama ni SHA, hizo 18 zina maelezo, na benki yako inaweza kukwambia yenyewe ilikata ngapi kati yake. Kama ni OUR na bado zimepungua, mwanao aende benki yake na risiti hiyo mkononi adai.