Padre, ubatizo wa kulazimishwa ni ubatizo kweli? Kuhusu Wayahudi wa Hispania na Ureno

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo Padre. Mimi ni katekista, nafundisha darasa la kipaimara. Kijana mmoja kaniuliza kuhusu Wayahudi waliofukuzwa Hispania na wenzao waliobatizwa kwa nguvu kule Ureno, halafu baadaye wakaja kuchomwa moto eti ni Wakristo wa uongo. Nilikwama kabisa. Ule ubatizo ulikuwa halali? Na kama walishabatizwa mbona hawakuaminiwa, hadi wajukuu zao?

JIBU: Milele na milele amina, katekista. Huyo kijana ana akili, usimnyamazishe.

Nianze na Ureno maana huko mambo yalikuwa wazi zaidi. Wafalme wa Hispania, Ferdinando na Isabela, walitoa amri ya kuwafukuza Wayahudi tarehe 31 Machi 1492, wakapewa mpaka mwisho wa Julai wawe wameshaondoka, na dhahabu na fedha wasitoke nazo. Wengi wakavuka mpaka wakaingia Ureno. Sasa mfalme Manuel wa Ureno akataka kumuoa binti wa wafalme hao wa Hispania, na sharti mojawapo likawa awafukuze Wayahudi na yeye. Akatoa amri Desemba 1496, wawe wameondoka ifikapo Oktoba 1497. Ila moyoni hakutaka waondoke, maana ndo waliokuwa mafundi, matabibu, wafanyabiashara na walipa kodi wake. Akatafuta njia ya kuwafanya wasiwe Wayahudi huku wakibaki pale pale.

Akaanzia kwa watoto. Kipindi cha Pasaka 1497 watoto wa chini ya miaka 14 wakanyang'anywa wazazi wao wakapelekwa kubatizwa, wakagawiwa kwa familia za Kikristo. Kisha wale waliokuwa wanasubiri meli wakaambiwa wakusanyike Lisbon, wakafungiwa kwenye jumba la Estaus bila chakula wala maji, na waliogoma wakaburutwa hadi kwenye kisima cha ubatizo. Haya sisemi kwa kusikia kwa maadui wa Kanisa. Askofu Fernando Coutinho aliyekuwepo alikuja kutoa ushahidi mwenyewe miaka mingi baadaye, akasema aliona watu wanavutwa nywele kupelekwa kubatizwa, na akamuona baba mmoja kajifunika kitambaa cha sala anampeleka mwanawe huku analia na kumuita Mungu awe shahidi kwamba wanataka kufa katika sheria ya Musa. Coutinho akasema hao hawakuwa Wakristo, kwahiyo huwezi kumshtaki mtu kwa kuacha imani ambayo hakuwahi kuipokea.

(Na kwa sisi watu wa pwani, huyu Manuel ni yule yule aliyemtuma Vasco da Gama Julai ya mwaka huo huo wa 1497, akafika Mombasa na Malindi Aprili 1498. Watoto wamenyang'anywa Pasaka, miezi mitatu baadae meli hizo zinang'oa nanga.)

Kuhusu uhalali sasa. Tomaso wa Akwino alishaandika miaka mia mbili na zaidi kabla ya hapo kwamba kuamini ni jambo la hiari, na mtoto wa Myahudi asibatizwe wazazi wakikataa kwa sababu ni kinyume cha haki ya asili. Kwahiyo mafundisho yalikuwepo, hakuna wa kusema hawakujua. Na sheria ya Kanisa ya leo haizungushi, kanuni ya 748 inakataza kumlazimisha mtu yeyote kuipokea imani katoliki, na kanuni ya 125 inasema tendo lililofanyika kwa nguvu ya nje ambayo mtu hakuweza kuizuia kabisa linahesabika halijafanyika. Yule aliyevutwa nywele akipiga kelele anakataa, huyo hakubatizwa, alimwagiwa maji tu.

Lakini hapo kuna mtego ndugu yangu, na mtego huo ndo uliowamaliza hawa watu, ukiuelewa vizuri utamjibu kijana wako bila shida. Mwaka 633 Mtaguso wa Toledo, mji wa Hispania, ulisema Wayahudi wasilazimishwe tena kubatizwa, safi, ila wale ambao mfalme Sisebuto alishawalazimisha wabaki humo humo kwa sababu wameshapokea sakramenti. Halafu mwaka 1201 Papa Inosenti III akapambanua: anayekataa mwanzo mwisho bila kukubali hata kidogo hajapokea kitu, lakini aliyetishwa akaogopa kufa au kunyang'anywa mali akasema basi nibatizeni, huyo kapokea alama ya ubatizo na anabanwa nayo. Sasa fikiria mtu ameshikiwa panga anaambiwa ubatizo au kifo, anachagua ubatizo. Kwa kanuni hiyo keshakuwa Mkristo, na akionekana anasali sala za kwao anakuwa mzushi, na mzushi alikuwa na mahakama yake. Mlango wa kuingia ulifunguliwa kwa nguvu, ule wa kutokea ukapigwa kufuli.

Kule Hispania ndo yaliwakuta wengi. Mwaka 1391 kulianzia Sevilla, padri mmoja mkubwa anaitwa Ferrand Martínez alihubiri miaka kadhaa dhidi ya Wayahudi mpaka watu wakavamia mitaa yao, vurugu zikasambaa mji kwa mji, wakauawa wengi na maelfu wakakimbilia ubatizo. Hao na watoto wao wakaitwa Wakristo wapya. Na hapa watu wengi wanapindua mpangilio, wanadhani Wayahudi walifukuzwa kwanza ndo baadaye shaka ikaja juu ya waliobaki. Hapana, shaka ilitangulia. Papa Sisto IV aliruhusu Inkwizisheni ya Hispania, ndo ile mahakama ya wazushi, mwaka 1478, na watu wa kwanza walichomwa Sevilla Februari 1481, miaka kumi na moja kabla ya amri ya kufukuza. Na amri yenyewe ya 1492 ukiisoma sababu inayotoa ni kwamba Wayahudi wanawavuta Wakristo wapya warudi dini ya zamani. Na kumbuka Inkwizisheni haikuwa na mamlaka juu ya Myahudi aliyebaki Myahudi, ilimhusu aliyebatizwa, kwahiyo yule aliyefukuzwa alipoteza nyumba na nchi, na yule aliyebatizwa ili abaki ndo akawa chini ya jicho maisha yake yote.

Jicho lilikuwa linatafuta nini? Vitu vya nyumbani. Nani kabadilisha shuka na nguo Jumamosi, bomba la nani halitoi moshi siku hiyo, nani anatoa mafuta kwenye nyama, nani hali nguruwe. Matangazo yalisomwa kanisani, watu wakatakiwa kuripoti, na mshtakiwa hakuambiwa jina la aliyemsema.

Chukua kesi ya Elvira del Campo, ilisikilizwa Toledo kuanzia 1567, yaani miaka 75 baada ya kufukuzwa, Myahudi wa wazi hayupo tena nchini. Mama huyu alikuwa mke wa mtu, mwenye asili ya Wakristo wapya. Waliomshtaki ni watu wa nyumbani mwake na majirani, na hao hao walikiri kwamba ni mwanamke mwema, anaenda Misa, anaungama, anasaidia maskini. Ila hali nguruwe na Jumamosi anavaa nguo safi. Yeye akasema nguruwe inamdhuru tumbo. Wakamvua nguo, wakamfunga kamba mikononi wakawa wanazikaza, kisha wakammiminia maji kooni, na karani pembeni anaandika kila neno, ndo maana leo tunajua. Kwenye kumbukumbu hizo anawasihi muda wote wamwambie wanataka aseme nini ili aseme, maana hajui. Baadaye akatoa maelezo kwamba mama yake alimwambia asile nguruwe alipokuwa na miaka kumi na moja, na kwamba alijua hilo ni jambo la sheria ya Wayahudi. Basi, ushahidi umepatikana. Hakuchomwa, ila alinyang'anywa mali, akavishwa sanbenito, ile kanzu ya aibu ya wenye kutubu, na kifungo juu.

Sasa mimi siwezi kukwambia moyoni mwake alikuwa nani. Wapo Wakristo wapya waliokuwa wanafunga na kusali Kiyahudi kwa siri kweli, wapo waliokuwa Wakristo wa dhati kabisa, na wapo waliokuwa na mazoea ya jikoni tu waliyoyakuta kwa bibi. Mahakama ile haikuwa na chombo cha kuwatenganisha, na kosa si la Elvira.

Swali la pili la wajukuu, hapo ndo aibu zaidi, maana hata kisingizio cha imani kinaisha inabaki damu. Mwaka 1449 watu wa Toledo chini ya Pero Sarmiento walitunga amri kwamba mwenye asili ya Kiyahudi asishike cheo mjini, hata awe Mkristo mwema vipi. Papa Nikola V akawajia juu mwaka huo huo, akasema waliobatizwa wote ni mwili mmoja, akawatenga na Kanisa waliotunga amri hiyo. Ingeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini mwaka 1547 askofu mkuu wa Toledo, Silíceo, akaingiza sharti la usafi wa damu kwenye kanisa kuu lake, na mwaka 1555 Papa Paulo IV akalithibitisha. Mtu akitaka nafasi anachunguzwa babu na bibi zake kijiji kwa kijiji. Na sanbenito za waliohukumiwa zilitundikwa kanisani na majina, kwahiyo kila Jumapili mjukuu anaingia Misa anakuta jina la babu ukutani.

Ureno nako Manuel aliahidi waliobatizwa kwamba miaka 20 hawatachunguzwa. Aprili 1506 kabla haijaisha, ikatokea mauaji Lisbon, yalianzia kanisa la Wadominiko baada ya Mkristo mpya mmoja kutilia shaka mwanga uliosemekana ni muujiza kwenye msalaba, na watawa wawili wakiwachochea watu. Manuel aliwanyonga wachochezi, hao watawa nao hawakupona. Lakini 1536 Inkwizisheni ikafika Ureno, na makao yake Lisbon yakaja kuwa jumba la Estaus, lile lile walikofungiwa 1497. Mwaka 1560 ikafunguliwa Goa, koloni la Wareno kule India, na eneo lake lilifika hadi ngome za Wareno huku kwetu pwani. Tofauti ya Mkristo mpya na wa zamani ilifutwa kisheria Ureno mwaka 1773.

Kijana akikuuliza Mungu aliwafanyia nini watu hao, mtajie Teresa wa Avila. Babu yake Juan Sánchez alijisalimisha kwa Inkwizisheni ya Toledo mwaka 1485, akazungushwa makanisani Ijumaa baada ya Ijumaa kavaa sanbenito, kisha akahamia Avila kuanza upya ambako hawakumjua. Mjukuu ni mtakatifu na Mwalimu wa Kanisa. Diego Laínez, mkuu wa pili wa Wajesuiti baada ya Ignasi, alikuwa wa damu hiyo pia, na bado mwaka 1593 Wajesuiti wakapiga marufuku kupokea watu kama yeye, 1608 wakalegeza iwe wachunguzwe vizazi vitano tu, na kuifuta kabisa ni mwaka 1946. Ndiyo, 1946, wala sijakosea kuandika.

Tarehe 12 Machi 2000 Papa Yohane Paulo II aliomba msamaha hadharani Roma kwa nguvu iliyotumika eti kuutumikia ukweli, na kwa dhambi dhidi ya watu wa Israeli. Soma naye kijana hayo maombi, halafu mfungulie kanuni ya 748 aisome mwenyewe kwa sauti. Na kama ana swali lingine aniletee baada ya Misa ya pili.