"Tofauti ya muda" si jibu mpaka uione ikijifuta

Wadogo zangu, wiki hii nimerudisha faili mbili zenye maneno yaleyale kuhusu hesabu zisizolingana: "tofauti ya muda, haina shida". Nawapenda, ila maneno hayo siyataki tena bila ushahidi.

1. Ritani za kodi ya ongezeko la thamani msizilinganishe na ripoti ya kodi ya mfumo peke yake. Ritani imetokana na ripoti hiyo, basi lazima zitakubaliana. Jumlisheni ritani zote za mwaka, mzipeleke kwenye mauzo ya leja.

Hapo ndipo nilipoanguka. Mteja wangu alikuwa na kampuni ndogo inayotoza kodi hiyo kwa asilimia 20. Mauzo kwenye ritani yalikuwa 48,000,000, kwenye leja 50,400,000. Nikaona tofauti ya 2,400,000, nikakisia ni ankara za mwisho wa mwaka zilizoingia ritani ya mwezi uliofuata. Nikaandika "muda", nikafunga. Ritani ya mwezi huo ilikuwa mezani kwangu na sikuifungua. Ningeifungua, ningeona hakuna hata ankara moja ya mwaka uliopita.

Wakaguzi wa kodi walipokuja, walichuja akaunti ya mauzo wakaacha maingizo ya jarida tu. Yakatokea matatu. Mfumo ulikuwa umelala siku kadhaa, ankara zikaandikwa kwa mkono, kisha mhasibu akaziingiza kwa jarida bila msimbo wa kodi. Ripoti ya kodi husoma msimbo, kwa hiyo haikuziona. Baya zaidi, wanunuzi walikuwa wameshatozwa kodi, na kiasi chote kilikaa kwenye mauzo. Kodi iliyomo ilikuwa 2,400,000 × 20/120, yaani 400,000. Mauzo halisi ni 2,000,000. Msipige asilimia 20 ya jumla, mtapata 480,000 isiyodaiwa. Mteja alilipa kodi, adhabu na riba. Nilikaa mbele yake nikamweleza kwamba dakika kumi za kazi yangu zingempa nafasi ya kusahihisha mwenyewe kabla hawajafika. Uso wake bado naukumbuka.

2. Makato ya mishahara yana mtego wa namna hiyohiyo. Makato yakilipwa mwezi unaofuata, salio la akaunti yake mwisho wa mwaka liwe makato ya mwezi wa mwisho tu. Likizidi, tafuta mwezi ambao haukupelekwa au ulipelekwa pungufu.

3. Halafu mishahara ghafi ya orodha ilinganishwe na gharama ya mishahara kwenye leja, mkiondoa kwanza michango ya mwajiri. Na hata zikilingana, fungueni akaunti ya matengenezo. Faili la pili la wiki hii lilikuwa na malipo humo kwa majina manne yaleyale, kila mwisho wa mwezi, kiasi kilekile. Hao wanaonekana ni wafanyakazi, na hakuna aliyewakata chochote. Limerudi mezani kwako, mdogo wangu; anza na mikataba yao.