Kumsalimia shangazi aliye kwenye kiti cha magurudumu

"Shangazi anakuja Kisumu, siku hizi anatumia kiti cha magurudumu. Nimsalimie vipi bila kumkosea heshima?"

Dada, mwendee kutoka mbele akuone. Salamu fupi ukiwa umesimama haina ubaya, ila simama hatua moja hivi mbali naye, maana ukimkaribia sana atalazimika kuinua shingo. Mazungumzo yakiendelea, vuta kiti uketi, macho yenu yalingane. Kuchuchumaa na kumshika magoti huwafanya wengi wajione wanabembelezwa kama watoto. Usiegemee kiti chake wala kukitundikia mkoba. Kwake ni sehemu ya mwili.

Shida kubwa huja mkiwa na watu wengine. Tuseme mko soko la Kibuye, naye anataka viatu. Muuzaji atakutazama wewe na kuuliza, "Anavaa namba ngapi?" Usijibu, hata kama unajua. Mgeukie shangazi, unyamaze. Ukiwa nyuma yake umeshika vishikio, rudi ubavuni, kwa sababu muuzaji humwangalia aliyesimama mbele ya macho yake. Akiuliza tena, sema kwa upole, "Muulize mwenyewe." Pesa na chenji zipitie mikononi mwake.

Kabla ya kumsukuma, uliza na usubiri jibu. Na mkikutana na rafiki yako njiani, geuza kiti amwone, kisha umtambulishe shangazi kwanza. Mkiongea juu ya kichwa chake, atabaki akitazama migongo ya wapita njia.