Kwa nini mwenye gharama ndogo hauzi kwa gharama yake

Swali: Tumefundishwa kwamba kampuni mbili zikiuza bidhaa ileile na kushindana kwa bei, bei hushuka mpaka kwenye gharama ya nyongeza, yaani gharama ya kuzalisha kipande kimoja zaidi. Lakini moja ikiwa na gharama ndogo kuliko mwenzake, kitabu kinasema itauza "chini kidogo" ya gharama ya mpinzani. Kwa nini isishuke zaidi na uwezo inao? Na hiyo "kidogo" ni kiasi gani?

Jibu: Inayoizuia kampuni hiyo isipandishe bei ni hofu ya mpinzani kuingia chini yake. Mpinzani akishafika mahali ambapo hawezi kushuka tena bila hasara, hofu hiyo imekwisha, na kila hatua zaidi ya hapo ni punguzo ambalo hakuna aliyelilazimisha.

Tuweke namba. Kampuni A hutumia 20 kuzalisha kipande kimoja zaidi, kampuni B hutumia 50. Bidhaa ni ileile kwa mnunuzi, kwa hiyo wote humwendea mwenye bei ndogo. Bei zikilingana, wanagawana nusu kwa nusu. Bei ikiwa P, vipande vinavyonunuliwa ni 100 − P. Bei hupangwa kwa namba kamili.

Tuseme B yuko kwenye 50. A akiuza kwa 49, anapata wanunuzi wote 51, na kila kipande kinamwachia 29. Faida yake ni 1,479. Sasa mshushe hadi 48. Anampata mnunuzi mmoja mpya anayemletea 28, lakini wale 51 waliokuwa tayari kulipa 49 kila mmoja amempunguzia 1. Ameingiza 28 na kupoteza 51, kwa hiyo faida imeshuka kwa 23 na kubaki 1,456. Kadiri anavyozidi kushuka ndivyo pengo hilo linavyopanuka, na akifika 20 anahudumia wanunuzi 80 bila kubakiwa na chochote. Kwa upande wa juu, akipandisha hadi 50 wanagawana soko, naye anabaki na 750. Akipandisha hadi 51, hana mnunuzi hata mmoja.

B naye hana la kufanya. Kulingana na A kwenye 49 ni kupoteza 1 kwa kila kipande, na kupanda hakumletei mteja. Hakuna anayefaidika kwa kubadili bei peke yake, na hiyo ndiyo maana ya msawazo. Hoja ya kushindana kwa bei aliileta Joseph Bertrand mwaka 1883, alipokosoa kazi ya Cournot ya 1838 ambamo kampuni huchagua kiasi cha kuzalisha. Bei kuanguka hadi kwenye gharama ni matokeo ya hali moja tu, pale ambapo gharama za wote wawili zinalingana. Kanuni iliyo nyuma yake ni pana zaidi: bei husukumwa chini hadi pale anapoishia yule wa pili kwa unafuu.

Kuhusu hiyo "kidogo", ni hatua ndogo kabisa ambayo bei inaweza kupungua. Kwetu hapa ni 1. Kama bei ingeweza kugawanywa bila kikomo, tungepata usumbufu wa kihesabu: 49.9 ni nzuri, 49.99 ni nzuri zaidi, na hakuna ya mwisho iliyo bora kuliko zote. Vitabu huukwepa usumbufu huo kwa kudhani kwamba bei zikilingana, wanunuzi wote wanakwenda kwa mwenye gharama ndogo. Hapo A anaandika 50 kamili na hesabu inafungika. Ukikutana na kitabu kinachosema "bei ni sawa na gharama ya mpinzani" na kingine kinachosema "chini kidogo", vyote viwili vinazungumzia jambo lilelile. Hata kwenye namba zetu kuna msawazo wa pili, B akiwa 51 na A akiwa 50: B akishuka hadi 50 atagawana soko bila faida yoyote, kwa hiyo hana sababu ya kuhama.

Kuna pia misawazo ya ajabu ambayo mtahini anaweza kukutegea. B akiandika 30 na A akaandika 29, hakuna anayetaka kuhama, kwa sababu B hauzi kitu na hivyo hapati hasara. Lakini B hapo anatishia kuuza kwa hasara ya 20 kwa kila kipande, na A akiteleza tu, tishio linamrudia mwenyewe. Kwa kawaida tunaikataa misawazo hiyo, maana kuandika 50 hakumwumizi B kamwe na mara nyingine kunamwokoa.

Kabla ya kuandika jibu, fanya ukaguzi mmoja ambao wengi wanausahau. Tafuta bei ambayo A angeiweka kama angekuwa peke yake sokoni. Kwa uhitaji wetu ni (100 + 20) / 2, yaani 60. Kwa kuwa 60 iko juu ya 50, mpinzani anambana na jibu ni 49. Kama gharama ya B ingekuwa 65, A angeweka 60 yake ya ukiritimba na kustarehe; kuandika 64 kungempunguzia faida. Chukua iliyo ndogo kati ya bei hizo mbili.

Kosa lingine hutokea pale mtu anapoleta gharama ya wastani. Tuseme B ana mitambo aliyokwisha kuilipia, na ukiigawanya kwa kila kipande gharama yake inaonekana kuwa 58. A akidanganyika na kuweka 57, B atashuka hadi 56, atauza vipande 44 na kupata 6 juu ya gharama ya kila kimoja. Pesa ya mitambo imeshatoka na hairudi kwa kukaa bila kuuza. Kinachomzuia B ni 50 yake ya kipande kimoja zaidi.

Hoja nzima inasimama juu ya dhana kwamba A anaweza kuwahudumia wote 51. Tuseme uwezo wake unaishia vipande 30, na wanaohudumiwa kwanza ni wale walio tayari kulipa zaidi. Waliobaki ni 70 − P, na B anaweza kuwauzia 10 kwa bei ya 60 na kupata 100. Hana tena sababu ya kukaa kwenye 50. B akiwa 60, A anapanda hadi 59. Lakini B akiona 59 anashuka hadi 58, anauza 42 na kupata 336. Wanafuatana hivyo kwenda chini mpaka A afike 53. Hapo kumpita kwa 52 kungempa B 96 tu, pungufu ya ile 100, kwa hiyo anarudi 60 na mbio zinaanza upya. Edgeworth aliuonyesha mwendo wa namna hii mwaka 1897. Ukiona bei zinashuka hatua kwa hatua kisha zinaruka juu ghafla, kagua uwezo wa kuzalisha kabla ya kukagua gharama.