Muhuri wa LC1

"Barua yangu ya utambulisho haina muhuri wa LC1, baraza la kijiji hapa Uganda. Naweza kuchongesha mmoja Kampala?"

Usifanye hivyo, ndugu. Huko ni kughushi hati, kosa la jela, na ofisini wanaweza kumpigia mwenyekiti simu wamuulize kama anakujua. Wapo wanaosema kwamba sahihi ya mwenyekiti inatosha, nao wamepata nusu: sahihi ni ya lazima, ila bila muhuri wengi huirudisha barua.

Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji unachoishi sasa, si cha kwenu. Dada yangu alipohamia Bwaise, mwenyekiti hakumfahamu, akakataa. Kesho yake alikwenda na mwenye nyumba wake, akagongewa muhuri. Kabla ya kuondoka soma muhuri: jina la kijiji lisomeke, tarehe iwepo.